Kichwa Changu, Kitanda cha Mama

Mimi si mtu wa kuogopa ovyo. Nimekulia Kamukuywa, nyoka nimeua kwa jembe, na waume za watu wenye mdomo mrefu nimewajibu sokoni mpaka wakaondoka. Lakini wiki ile simu yangu mwenyewe ilinitia woga nikaandika wosia nyuma ya daftari la hesabu la binti yangu, Ivy.

Mama yangu, Wilkista, alikuja kwetu Kitale siku ya Jumatatu kunisaidia kupura maharagwe. Kwetu Wabukusu mama mkwe halali chini ya paa moja na mkwe wake. Hata mkono hawapeani. Mume wangu, Wakoli, akimwona Mama anakuja njia hii, yeye anashika ile. Basi tukamtandikia stoo, chumba cha matofali nje ya nyumba kubwa chenye mlango mmoja na dirisha dogo la mbao. Upande wa ndani kulikuwa na magunia arobaini ya mahindi chini ya turubai kuukuu, na karibu na mlango kitanda. Mgeni halazwi peke yake, kwa hiyo nami nikahamia huko.

Jumapili, kabla Mama hajafika, Wakoli alikuwa ameweka dawa ya dumuzi, wale wadudu wanaotoboa mahindi, kwenye magunia, vile vidonge vya kijivu vinavyouzwa duka la pembejeo. Kila nyumba hapa kwetu inaviweka. Chumba kilikuwa na harufu kama ya vitunguu saumu, nikadhani Mama ameleta kitunguu kwenye mfuko wake.

Jumanne niliamka kichwa kinagonga. Mama alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, kiganja kwenye paji la uso. Tuliongea mawili matatu, nikatoka kuwasha moto. Kufika saa sita mchana kichwa kilikuwa kimetulia.

Jumatano niliamka nacho tena, na safari hii nikatapika nyuma ya choo. Sikumwambia mtu. Nikaketi kwenye gogo, nikatoa simu, nikaandika: kichwa kuuma asubuhi na kutapika.

Jibu la kwanza lilikuwa uvimbe kwenye ubongo.

Nilisoma hilo neno mpaka likaacha kuwa neno. Nikabonyeza ukurasa mwingine, nao ukasema hivyo hivyo, na wa tatu ukawa na picha. Nadhani kila mmoja aliyewahi kutafuta ugonjwa kwenye simu anajua ninachosema: huachi, unaendelea kuchimba, kana kwamba mahali fulani chini kuna ukurasa ulioandikwa jina lako. Kulikuwa na mistari iliyosema jambo hilo ni nadra. Niliiruka, kwa kuwa mtu mwenye hofu hasomi, anatafuta kithibitisho. Ndipo nikachukua daftari la Ivy nikaandika nani atabaki na nini.

Alhamisi nikamwambia Wakoli naenda Bungoma kumwona dada yangu, Nakhungu. Sikumwambia kwamba naenda kumwomba anilelee mtoto. Nilimwacha Mama kwenye mkeka uani, anapura maharagwe, anakohoa kidogo. Nikaona ni vumbi la maganda.

Nakhungu hakunionea huruma.

"Wewe uliona daktari gani?" akaniuliza.

"Nimesoma."

"Ati umesoma. Sasa hiyo simu ilikupima na nini?"

Nikakasirika, nikalala kwake nimempa mgongo. Kabla ya kulala nikatafuta tena, na sasa nikakuta kikundi cha akina mama wanaongea magonjwa. Mmoja alikuwa ameandika kwamba naye aliumwa kichwa asubuhi na kutapika, kumbe ni mawazo tu, akanywa tangawizi na limau siku mbili akapona. Watu mia tatu walikuwa wamemshukuru. Nilimpenda yule mwanamke nisiyemjua kuliko dada yangu aliyelala pembeni. Nikaamka nikachemsha tangawizi ya Nakhungu yote.

Ijumaa niliamka mzima. Kichwa chepesi, tumbo linadai ugali. Nikacheka peke yangu jikoni, nikamwambia Nakhungu ni mawazo tu, na wosia nikauchana vipande. Nikarudi Kitale jioni na kilo ya tangawizi mfukoni.

Mama alikuwa amelala mapema. Wakoli alikuwa na habari zake: dumuzi hawajafa, wanatembea juu ya turubai kama wako kwao, kwa hiyo Alhamisi mchana, Mama akiwa uani, ameongeza vidonge, mara mbili ya vile vya kwanza. "Safari hii wataniambia," akasema. Nikanywa tangawizi yangu, nikaingia stoo nikafunga mlango, kwa sababu mvua ilikuwa imeanza.

Jumamosi nilishindwa kusimama wima. Kichwa, kutapika, na sasa kifua kimebana kama kimefungwa kamba. Mama aliniambia hana hamu ya chai, atalala kidogo zaidi. Nikamfunika vizuri. Nikafunga dirisha mvua isimpige.

Hayo nimeyafanya kwa mikono yangu, na nitayasema hivyo hivyo nikiulizwa mbinguni.

Nilijikokota mpaka kwenye zahanati ndogo karibu na soko, kwa Gladwell Wakonyo. Ni tabibu, mama wa makamo ambaye wazazi wake walihamia Trans-Nzoia kutoka Nyeri, na hana maneno ya kubembeleza. Niliketi nikaanza kulia kabla hajaniuliza jina.

"Daktari, niko na uvimbe kwa ubongo."

Hakucheka. Hilo namshukuru mpaka leo. "Umesoma kwa simu?"

"Ndiyo."

"Nionyeshe."

Akachukua simu, akasoma polepole. Kisha akasoma na ya tangawizi.

"Hii ya kwanza haijadanganya," akasema. "Uvimbe unaweza kuleta kichwa cha asubuhi. Lakini hapa chini wamesema ni wachache sana, wengi sababu ni ingine. Hapo uliruka. Na huyu wa tangawizi anaongea juu ya mwili wake, hajui wako. Mmoja amekuua, mwingine amekuponya, na hakuna amekugusa. Sasa wacha mimi nikuulize."

Alinifanya ninyooshe mikono, nitabasamu, nifuate kidole chake kwa macho. Akanipima presha na kuweka kipimo cha oksijeni kidoleni. Akaniuliza kama niko na mimba, kama nina homa. Halafu akavuta karatasi.

"Ilianza siku gani?"

"Jumanne."

"Inaisha saa ngapi?"

"Mchana. Nikiwa uani."

"Kuna siku haikuuma?"

"Jana asubuhi. Nilikuwa Bungoma. Nilikunywa tangawizi."

Kalamu yake ikasimama. "Wachana na tangawizi. Huko Bungoma ulilala wapi?"

"Kwa dada."

"Na hapa unalala wapi?"

"Kwa stoo."

"Stoo ya nini?"

"Ya mahindi." Nilisikia harufu ya vitunguu saumu pale pale zahanati, ingawa haikuwepo.

"Mama Ivy," akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka, "hayo mahindi yamewekwa dawa?"

"Vidonge. Na Alhamisi ameongeza."

"Hivyo vidonge vinatoa gesi. Unyevu ukivipata vinatoa zaidi. Havitakiwi karibu na mahali mtu analala. Nani mwingine analala hapo?"

Nilitazama dirisha la zahanati. Mvua ilikuwa inamwagika.

Simu ya Mama iliita mpaka ikakata. Nikapiga tena, ikakata tena. Ya tatu nikampigia Wakoli. Alikuwa kwenye kibaraza cha nyumba kubwa, hatua ishirini kutoka stoo. Daktari akaninyang'anya simu, akaweka sauti ya nje.

"Baba Ivy, ni Wakonyo wa zahanati. Mama mkwe wako yuko wapi?"

"Amelala huko stoo."

"Fungua mlango na dirisha sasa hivi. Umwite ukiwa nje. Kama anaweza, atoke mwenyewe."

Tulisikia miguu kwenye tope. Tulisikia mlango. Tukamsikia Wakoli akiita, "Mama. Mama," kwa sauti ya heshima, kama mtu anayebisha hodi kwa askofu.

"Haitiki," akasema.

"Wacha upepo upite kidogo. Vuta pumzi nje, uishike, uingie, umvute, utoke. Usisimame huko ndani."

Tulisikia mvua tu juu ya mabati.

"Daktari," Wakoli akasema, "huyu ni mama mkwe. Yuko kitandani. Wacha niite Chepkemei jirani."

Nilijua anachosema. Mwanaume wa kwetu anayemkuta mama mkwe wake kitandani, mwenye nguo za kulala, anatazama pembeni na kuondoka, na wazee watamsifu. Miaka kumi na minne nilikuwa nimejivunia adabu yake.

"Wakoli," nikasema. Sijawahi kumwita kwa jina lake mbele ya mtu. "Mshike mama yangu."

Simu ikaanguka. Tulisikia kishindo, kisha kitu kikiburutwa, kisha kikohozi, na sikujua ni cha nani.

Halafu sauti za majirani, na mmoja akisema yaletwe maziwa Mama anyweshwe. Daktari akapaza sauti mpaka mtu akaokota simu: maziwa hapana, maji hapana, chochote mdomoni hapana. Na vile vidonge visimwagiwe maji hata kidogo, gesi itazidi. Watu wakae mbali na stoo. Mgonjwa apelekwe hospitali kubwa, na mgonjwa wa pili alikuwa mimi.

Hospitalini waliniwekea oksijeni kwa siku moja. Mama walimwekea siku tatu. Waliniambia gesi hiyo haina dawa ya kuiondoa mwilini, wanausaidia tu mwili upigane, na mapafu yanaweza kujaa maji baadaye hata mtu akionekana nafuu. Usiku wa kwanza nilishika simu nitafute wangapi hupona. Safari hii niliandika swali kwenye karatasi, nikamngoja daktari wa zamu, nikamuuliza yeye. Aliniambia hajui bado. Nililia, lakini lilikuwa jibu la mtu aliyemwona Mama.

Asubuhi ya siku ya tatu kifua chake kilikuwa kimetulia. Wakoli alikuwa amesimama koridoni, amegeukia ukuta, hataki kuingia. Daktari wa wodi akaja na faili. Alitaka kila kitu kwa mpangilio, nami nilikuwa tayari na karatasi yangu: Jumanne kichwa, Jumatano kutapika, Ijumaa mzima, Jumamosi kifua. Akanisifu.

"Na mama yako, alianza kuumwa lini?"

Nikageuza karatasi. Upande wa pili ulikuwa mweupe. Nikakumbuka kurasa zote nilizofungua wiki ile, na hakuna hata mmoja niliofungua kwa ajili yake.

"Sijui," nikasema. "Labda Alhamisi."

Mama akashusha kinyago cha oksijeni kwa kidole kimoja.

"Jumanne asubuhi," akamwambia daktari. "Nilimwambia kichwa kinaniuma. Akasema ni uzee."

Hakusema kwa hasira. Alisema tu, ili iandikwe.