Milioni Thelathini za Adabu

Evelina alipopokea samansi ya mahakama alifunga steshenari yake pale Soni saa nne asubuhi, akaenda kwa dada yake kulia. Alidhani anashtakiwa. Dada yake akaisoma ile karatasi mara mbili, akamwambia anaitwa kuwa shahidi tu, na kwamba kama angeisoma kabla ya kulia angeokoa muda.

Mdai alikuwa Mwalimu Clemence, mkuu wa shule mstaafu aliyemfundisha Evelina hesabu na kumchapa kwa miaka mitatu, mara nyingine kwa makosa ya watu wengine. Baada ya kustaafu alijenga nyumba ya wageni ya vyumba kumi juu kidogo ya barabara. Mdaiwa alikuwa Ismaili, seremala kutoka Mtae, ambaye kazi yake ilisifiwa na watu wote isipokuwa waliomsubiri.

Mkataba wa milango na madirisha aliuchapa Evelina. Ismaili alitaka alipwe fedha zote mbele ili anunue mbao, na Mwalimu akakubali kwa shingo upande, kwa sharti kwamba mkataba uwe na meno. Ukawa nayo. Kifungu cha nane kilisema fundi akichelewa atalipa shilingi elfu sitini kwa kila siku. Kifungu cha tisa kilisema fundi akivunja sharti lolote la mkataba huu, kubwa au dogo, atalipa shilingi milioni thelathini. Kazi yenyewe ilikuwa ya milioni sita.

Ismaili alichelewa siku kumi na moja. Hakusingizia mvua wala barabara. Alisema alipata kazi ya kitanda cha bwana harusi kule Mtae, na harusi haiahirishwi kwa sababu ya madirisha ya watu. Milango ilipofika ilikuwa mizuri kiasi kwamba Mwalimu alizidi kukasirika. Akafungua kesi Lushoto kudai milioni thelathini, na kila Jumapili baada ya ibada akawa anawasomea watu kifungu cha tisa kwa kichwa.

Ismaili hakuwa na milioni thelathini. Alikuwa na shamba la viazi, mbuzi wanne na wakili, Beatha, binti kutoka Mgwashi aliyekubali kulipwa kwa kabati la vitabu. Beatha ndiye aliyemwita Evelina.

Siku ya kesi Evelina aliapa kwa Biblia. Mwalimu alikuwa amekaa mbele kabisa na suti yake ya mahafali, bila wakili, kwa maelezo kwamba hajaona sababu ya kumlipa mtu amsemee Kiswahili.

"Siku wanaandikishana ulikuwepo?" Beatha aliuliza.

"Nilikuwepo. Duka langu ni dogo, huwezi kutokuwepo."

"Ile elfu sitini kwa siku ilipatikanaje?"

"Mwalimu alisema kuna watu wa mradi wa viazi wameshashika vyumba vitatu, wataanza kulala tarehe moja, elfu ishirini kila chumba. Milango isipokuwepo watalala kwingine. Alianza na elfu themanini, fundi akasema hesabu haifiki huko. Wakabishana nusu saa, wakakubaliana sitini."

"Na milioni thelathini?"

Evelina akamtazama Mwalimu. Mwalimu alikuwa akimtazama kwa jicho lile lile la zamani, la mtu anayetafuta fimbo kwa mkono mmoja bila kugeuka. Lakini Biblia ilikuwa bado pale mezani.

"Mwalimu alisema kwanza milioni kumi," alisema. "Akamtazama fundi. Fundi alikuwa anakunywa soda, akaendelea kunywa. Mwalimu akasema ishirini. Fundi akaendelea kunywa. Akasema thelathini, fundi akaiweka soda chini. Mwalimu akaniambia, hapo hapo, chapa."

Watu kwenye mabenchi walicheka, na karani akawanyamazisha huku yeye mwenyewe akiuma midomo.

"Alisema fedha hizo ni za hasara gani?"

"Hapana. Alisema lazima mtu aogope kidogo."

Ikawa zamu ya Mwalimu kumhoji shahidi. Alisimama, akafunga kifungo cha koti.

"Evelina, mtihani wa mwisho wa hesabu ulipata ngapi?"

"Swali hilo halihusiani na kesi," hakimu alisema. Alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani iliyoning'inia shingoni kwa kamba.

"Linahusiana, Mheshimiwa. Anazungumzia tarakimu."

"Uliza lingine."

Mwalimu akamgeukia hakimu. "Mheshimiwa, huyu ni mtu mzima. Hakulewa, hakulazimishwa, alisaini kila ukurasa. Makubaliano ni makubaliano. Kwa nini mahakama isiyasimamie?"

"Nikuulize mimi," hakimu alisema. "Angechelewa siku moja, angelipa ngapi kwa kifungu cha tisa?"

"Milioni thelathini."

"Angesahau bawaba moja?"

"Thelathini."

"Na kama angekimbia na fedha zako, asilete hata mlango mmoja?"

Mwalimu alishika kifungo cha koti. "Thelathini."

"Sasa kiasi hicho kinapima hasara gani, kama bawaba na milango yote bei yake ni moja?"

"Kinapima adabu, Mheshimiwa," Mwalimu alisema, na alisema kweli kabisa.

Hukumu ilisomwa wiki tatu baadaye. Hakimu alisema watu wanaruhusiwa kukadiria mapema hasara itakayopatikana mkataba ukivunjwa, na ni jambo la busara, kwani linawaepusha kugombana baadaye. Elfu sitini ilikuwa makadirio ya namna hiyo: ilitoka kwenye vyumba vitatu vinavyojulikana na pande zote mbili zilishiriki kuipata. Milioni thelathini haikutoka kwenye hasara yoyote. Iliwekwa ili kutisha. Sheria ya Mikataba, alisema, inampa aliyevunjiwa mkataba fidia ya haki, na kiasi kilichoandikwa ni kikomo tu cha fidia hiyo, si zawadi. Saini haiwezi kumgeuza mtu binafsi kuwa mtoa adhabu, wala mahakama haikopeshi fimbo yake. Akampa Mwalimu shilingi laki sita na sitini elfu kwa siku kumi na moja. Zaidi ya hapo hakuona hasara, hivyo kwa kifungu cha tisa hakumpa hata senti. Gharama za kesi, kila mtu abebe zake.

Ismaili alishusha pumzi, kisha akaanza kuhesabu mbuzi wake kwa vidole. Wawili wangeondoka, pamoja na magunia kadhaa ya viazi. Hakulalamika, siku kumi na moja alizichelewa yeye.

Nje, Evelina alijificha nyuma ya Beatha, lakini ngazi za mahakama ni zile zile kwa wote. Akakutana na Mwalimu uso kwa uso.

"Shikamoo, Mwalimu."

Mwalimu alirekebisha koti lake kwanza. "Marahaba," alisema mwishowe. "Ulieleza vizuri. Kwa mpangilio." Halafu akamgeukia Ismaili. "Mlango wa chumba namba nne unakwama kukinyesha."

"Nitakuja Jumamosi," Ismaili alisema.

"Jumamosi ipi?"

Ismaili akafikiri kwa uangalifu wa mtu aliyetoka mahakamani sasa hivi. "Tuseme Jumanne ya wiki ijayo," alisema.