Dakika Ishirini za Jua

Binti mpimaji ardhi alifika nyumbani siku ya tatu, baba yake keshazikwa. Alimkuta mama amekaa uani karibu na saa ya jua, bamba la zege lenye kijiti cha shaba ambalo baba alilitengeneza kwa mikono yake. Saa ya ukutani ilikufa zamani, na hakuna aliyeililia.

"Alikata roho saa ngapi, mama?"

"Saa sita kamili, mwanangu. Nilitupa jicho dirishani, kivuli kimelala juu ya mstari wa sita." Mama alionyesha alama ya chaki aliyoichora kwenye bamba. "Ndipo nikakupigia nikupe habari. Ulikuwa na kazi zako."

Binti alishusha pumzi. Simu yake ilikuwa imeandika: simu ya mama, saa sita na dakika nane. Naye aliikata, kikao hakijaisha. Kumbe baba alikuwa ameshakwenda; hata angepokea, angesikia kilio tu. Mzigo wa siku tatu ulimteremka mabegani.

Lakini mkono wa mpimaji hautulii. Ulikuwa juu ya bamba, ukisoma maandishi ya baba pembezoni: longitudo arobaini, mashariki. Saa ya nchi hufuata mstari wa arobaini na tano.

Akamsikia baba enzi zile, akimvuta sikio kwa mzaha: "Kila digrii dakika ngapi, mtoto wa fundi?" "Nne, baba!" "Sisi tuko magharibi ya mstari, jua linatufikia limechelewa. Basi kwenye kivuli, ongeza!"

Tano mara nne, ishirini. Na katikati ya Aprili kama sasa, jua lenyewe haliwahi wala halichelewi kiasi cha kuhesabika. Sita ya kivuli ni sita na dakika ishirini ya simu.

Alihesabu tena kwa vidole kama mtoto. Hesabu haina huruma, iligoma kubadilika.

"Mama," alisema taratibu, "uliponipigia alikuwa hai. Bado dakika kumi na mbili."

Mama akaanza kuifuta chaki kwa ncha ya kanga, asimtazame.

"Baba yako alinilaumu miaka yote kwamba sijui kuongeza," alisema. "Leo ningeongeza, ningekuficha ukweli vizuri zaidi."

"Alitaka nini?"

"Nilimshikia simu mdomoni. Ilipokatika akacheka kidogo, akasema, 'Anapima viwanja vya watu huyo.' Halafu akasema, 'Kitendawili.' Nikamwitikia, tega. Akakataa kwa kichwa. Alikuwa anakungoja wewe uitikie."

Binti alipiga magoti kando ya bamba. Kivuli kilikuwa kimeanza kurefuka upande wa mashariki, taratibu, kama mtu asiyetaka kuaga.

"Tega, baba," alisema.

Mama akamshika bega. Wakakaa hivyo mpaka kivuli kikavuka mstari mwingine.