Wanja wa Wifi

Kope ya kulia ilichafuka tena, na saa ya ukutani ilisema bado dakika ishirini na tano ifike saa saba. Taarifa ya habari ya saa saba haimngoji mtu. Mpambaji alishika kipande cha pamba akaanza kufuta.

"Usiniambie wanja umemwagika tena," alisema wifi yake kutoka kitini, macho kafumba, taulo shingoni.

"Haujamwagika. Umetembea kidogo."

"Wewe na maneno yako! Ukitembea si ndiyo umemwagika huko?"

Siku nyingine wangecheka. Wifi alikuwa ameolewa na kaka yake mpambaji miaka kumi na minane iliyopita, na tangu siku ile hawakuacha kutaniana hata msibani. Alikuwa mtangazaji, sauti yake ikijulikana hadi na watoto wa shule, na ni yeye aliyemsemea mpambaji mpaka akapata kazi kwenye kile chumba chenye kioo kikubwa na taa pembeni. Leo hakuna aliyecheka. Wiki iliyopita, katikati ya habari, wanja ulimtiririka wifi kutoka jicho la kulia hadi shavuni, mstari mweusi mrefu, nchi nzima ikitazama. Kufika jioni, kila simu ilikuwa na ile picha, na chini yake watu wameandika upuuzi wao.

Mhariri mkuu, ambaye wote walimwita Bwana Dakika kwa jinsi anavyoitazama saa yake hata akisalimiwa, alitoa neno moja. Wifi ajaribiwe leo. Jicho likimharibia tena, kiti anakwenda nacho binti wa kipindi cha asubuhi. Na huyo binti alikuwa tayari kwenye benchi la ukumbini, kavaa koti la kusomea habari, anajipepea na karatasi. Aibu hana.

Mpambaji alikuwa ameanza na wanja wa maji, chupa mpya kabisa, kwa sababu watazamaji walimjua wifi kwa ule mkia mwembamba unaopanda kwenye pembe ya jicho, na wanja wa maji ndio unaochora mkia wa namna hiyo. Lakini wanja wa maji unataka nusu dakika ukauke, na jicho la wifi halikuwa na nusu dakika. Ubaridi wa studio ulikuwa umeyakausha macho yake kwa miaka, na jicho likikauka sana hujitetea kwa kutoa machozi. Chozi lilikuta wino bado mbichi, likaondoka nao.

Akafuta, akachukua jeli. Akaipaka kwa brashi safi, kope imefumbwa, mstari ukanyooka vizuri hata mwenyewe akaupenda. Wifi alipofumbua, mstari haukuonekana. Kope za wifi, tangu avuke arobaini na tano, zilikuwa zimeinama zikaufunika ule ukingo wote wa juu, na jeli ambayo haijakauka ilijipiga muhuri kwenye mkunjo. Sasa alikuwa na mistari miwili, na yote mibaya. Hapo mpambaji alijitukana kimoyomoyo, maana kosa hilo ni la mwanafunzi. Jicho lenye kope iliyoinama huchorwa likiwa wazi, linatazama mbele. Hofu ilimsahaulisha.

Na jeli haitoki kwa maji. Akaiondoa kwa mafuta, mafuta yakaacha utelezi, akajaribu tena juu yake, ikateleza. Sasa ukingo wa jicho ulikuwa mwekundu.

"Linawasha," wifi alisema polepole. "Kama siku ile."

Mpambaji alichukua pamba nyingine. Kilichotokea siku ile alikijua yeye peke yake. Chupa yake ya zamani, ile aliyoipenda kwa ncha yake nyembamba, ilikuwa imekauka, naye akaitia matone mawili ya dawa ya macho ili wino ulainike. Wapambaji wengi hufanya hivyo na hawasemi. Wino ukilainishwa hivyo hupoteza nguvu ya kushika, na chupa iliyokaa wazi mwaka mzima huingia uchafu. Wifi hakuwa amelia hata kidogo. Jicho liliwashwa, likatoa maji, wino ukamwagika. Bwana Dakika alipouliza, mpambaji aliona unga wake unamwagika, akasema, "Alilia, bosi. Siku hizi analialia tu." Wifi mwenyewe aliambiwa hivyo hivyo, akaamini kwamba macho yake yamemgeuka.

"Nipake penseli ya wanja ndani, chini, umalize," wifi alisema. "Dakika ngapi?"

"Kumi na tano. Ndani sikupaki."

"Wifi, nakuomba. Ndani ndiko kunakoniamsha uso."

"Ndani ndiko kunakokuwasha! Nimesema sikupaki." Sauti ilimtoka kali kuliko alivyotaka. Akashusha pumzi. "Kaa hivyo. Usiguse."

Akamwosha kope kwa sabuni laini ya macho na maji, akaondoa mafuta yote, akamwekea kitambaa cha maji baridi. Kisha akafanya jambo gumu kuliko yote: hakufanya kitu. Dakika nne nzima alisimama anasikiliza viatu vya Bwana Dakika vikienda na kurudi ukumbini. Roho ilikuwa juu, na alitamani kulia yeye.

Wekundu ulipopungua, akachonga penseli nyeusi, ile isiyo na manukato, mpaka ncha ikawa mpya.

"Fumbua. Nitazame kwenye kioo, usinifuate mkono."

Hakuchora mstari. Alipachika nukta ndogondogo katikati ya mizizi ya kope za juu tu, kuanzia katikati hadi karibu na pembe ya nje, akaacha pembe ya ndani tupu kwa sababu huko ndiko machozi hujaa kwanza. Penseli ni laini, haiumizi, ila kwenye kope iliyoinama huchafua. Kwa hiyo akaigandamizia unga mweusi wa kope, kidogokidogo, kwa brashi bapa, mpaka ikakauka. Chini hakugusa.

"Mkia wangu uko wapi?"

"Leo huna mkia."

"Hawatanijua."

"Watakujua ukifungua mdomo. Nenda."

Mpambaji alisimama nyuma kwenye chumba cha mitambo. Habari ya kwanza ilipita, ya pili ikapita. Kwenye ya tatu, jicho la kulia likajaa. Chozi likatoka pembeni likashuka, na lilikuwa jeupe kama maji ya kunywa. Wifi alisoma moja kwa moja, sauti haikuyumba.

"Analia tena," alisema Bwana Dakika, akanyoosha mkono kwenye simu. "Mwiteni yule binti."

"Halii, ni ubaridi wa studio." Mpambaji alishangaa kwamba ni yeye anayesema. "Hakulia hata wiki ile, bosi. Niliuchanganya wino mkavu na dawa ya macho, ukamwasha, ukamwagika. Nikakudanganya. Macho yake hayana kosa."

Bwana Dakika aliitazama skrini, akaona shavu halina doa, kisha, kwa mara ya kwanza, akamtazama mtu badala ya saa.

"Kiti ni chake," alisema. "Wewe kusanya vitu vyako."

Wifi alipotoka studio, alimkuta mpambaji anafunga sanduku. Wifi alikuwa anacheka meno yote nje, mikono kaifungua.

"Wifi! Haujamwagika! Kesho unipake hivihivi, sitaki mkia tena maisha yangu!"

Mpambaji alimpa ile penseli, imechongwa, ina kifuniko.

"Kesho umpe atakayekupamba. Mwambie macho wazi, juu tu, na ndani asiguse."

Kicheko kilimkatika wifi. "Na wewe utakuwa wapi?"

"Kaa kwanza," mpambaji alisema. "Kuna jambo la wiki iliyopita sijakwambia."