Sitaki Punguzo, Nataka Mchanganuo

Karatasi aliyokabidhiwa Mama Stoo pale dirishani ilikuwa na maneno mawili na tarakimu sita. Maneno yalikuwa "Huduma, matibabu". Tarakimu zilikuwa laki nne na themanini na sita elfu.

Aliigeuza kuona kama upande wa pili kuna kitu. Kulikuwa na weupe mtupu.

"Mdogo wangu," alimwuliza binti wa dirishani, "hii ni jumla. Mchanganuo uko wapi?"

"Jumla ndiyo unayolipa, mama."

"Najua kulipa. Nauliza nalipia nini."

Huyo binti hakuwa amekutana na Mama Stoo kabla ya siku ile, ndiyo maana alicheka kidogo. Wenye malori waliokuwa wakishusha mzigo kwenye duka la vifaa vya ujenzi alikofanya kazi wasingecheka. Miaka kumi na tisa alikuwa mtunza stoo, na katika miaka hiyo hakuna mfuko wa saruji ulioingia ndani bila yeye kuuhesabu, hata mvua inyeshe, hata dereva aape kwa mama yake. Jina lake la kuzaliwa watu walikuwa wameshalisahau.

Aliyelazwa alikuwa mdogo wake wa mwisho, fundi wa mapaa, ambaye mtaani walimwita Kenchi. Juzi yake, Jumanne saa nane mchana, ngazi ilimteleza akaanguka na kuvunjika mkono wa kushoto. Wenzake walimbeba hadi kliniki hiyo kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu. Tabibu alimpokea, akapigwa eksirei, akafungwa plasta, akachomwa sindano ya pepopunda kwa sababu ya mchubuko kwenye goti, akalala usiku mmoja waangalie vidole visije vikavimba. Jumatano saa mbili na nusu asubuhi tabibu akamwandikia karatasi ya kuruhusiwa. Lakini bili haikutoka. Wakaambiwa mashine ya kuchapia ina shida, wasubiri. Walisubiri mpaka alasiri, halafu wakaambiwa mhasibu ameondoka, warudi kesho, na mgonjwa abaki kwa sababu hajalipiwa.

Sasa ilikuwa Alhamisi saa tatu, na mkobani mwa Mama Stoo kulikuwa na bahasha ya fedha alizokopa kazini. Angekatwa mshahara miezi minne.

"Mchanganuo," alisema tena. "Mstari kwa mstari. Kila huduma, tarehe yake, bei yake."

"Huwa hatutoi."

"Basi leo mtaanza. Na mimi sina haraka."

Alisogea pembeni hatua moja tu, mwenye zamu ya nyuma yake apite, akabaki ameegemea kaunta. Foleni ilikuwa ndefu. Kenchi, aliyekuwa ameketi kwenye benchi, mkono wake ukining'inia kwenye kitambaa shingoni, alimvuta upindo wa kanga.

"Dada, lipa tuondoke. Watu wanatuangalia."

"Waache waangalie. Macho yao hayalipiwi."

"Nitakurudishia zote, nikipona."

"Wewe utakaa wiki sita hupandi paa. Utanirudishia kwa kupiga miluzi? Nyamaza."

Kenchi aliinamisha kichwa. Alikuwa na miaka thelathini na mbili na watoto wawili, na kulipiwa na dada yake kulimuuma kuliko mkono. Mama Stoo aliliona hilo, akajuta ukali wake, lakini hapakuwa mahali pa kubembelezana.

Baada ya nusu saa binti alichoka kumwona. Alibonyeza bonyeza, mashine iliyokuwa na shida jana ikatema karatasi bila hata kukohoa.

Mama Stoo alivaa miwani, akachomoa kalamu. Kumwona tabibu: sawa, akaweka alama. Eksirei ya mkono: sawa. Plasta, sindano, dawa za maumivu: sawa. Kulazwa, siku mbili. Kalamu ikasimama. Eksirei ya kifua. Oksijeni, saa sita. Daktari bingwa wa mifupa, mara mbili.

"Kenchi, ulipigwa picha ya kifua?"

"Hapana. Mkono tu."

"Uliwekewa oksijeni?"

"Ya nini? Nilianguka, sikuzama."

"Bingwa wa mifupa alikuja kukuona?"

Kenchi alifikiria kwa uaminifu. "Alikuja yule tabibu wa miwani. Na mama wa usafi."

Mama Stoo alirudi dirishani na kuilaza karatasi mbele ya binti. Alizungushia duara mistari minne. "Hizi tatu hatukupewa, na kulazwa ni siku moja, si mbili. Zirekebishwe."

"Zimeshaingia kwenye mfumo. Siwezi kufuta."

"Nani anaweza?"

"Meneja. Lakini yuko kikaoni."

"Basi niitie muuguzi mkuu aje na faili la mgonjwa. Oksijeni haiwekwi bila kuandikwa. Bingwa haji bila kusaini. Tufungue, tusome. Nikikuta imeandikwa, nalipa na kukuomba radhi mbele ya foleni nzima."

Muuguzi mkuu alikuja, mama mtu mzima mwenye viatu vyeupe vilivyochakaa visigino. Hakuwa na furaha ya kuitwa, lakini faili alilishika kwa mikono miwili kama mtu anayeheshimu kazi yake. Alifungua, akapitisha kidole kwenye karatasi ya wauguzi. Presha, joto la mwili, hali ya vidole, saa kwa saa. Hakuna oksijeni. Akageuza. Maelezo ya tabibu, sahihi ya tabibu, ruhusa ya tabibu, Jumatano saa mbili na nusu. Ombi la eksirei lilikuwa moja.

"Faili linasema hivi," alisema muuguzi polepole, "na mimi siwezi kulisemea zaidi ya linavyosema."

"Asante, dada yangu," alisema Mama Stoo, na alimaanisha.

"Labda ni ya kitanda cha pili," muuguzi aliongeza. "Yule mzee wa pumu ndiye aliyewekewa oksijeni."

Nyuma yao kwenye foleni mwanamke mmoja aliinua shingo. Alikuwa mshonaji, sindano mbili bado zimechomekwa kwenye ukosi wa blauzi, na mzee wa pumu alikuwa baba yake. "Ya baba mimi nimeshaletewa," alisema. Alikunjua karatasi yake. Nayo ilikuwa na maneno mawili na tarakimu sita.

"Omba mchanganuo," Mama Stoo alimwambia.

Binti wa dirishani alimtazama muuguzi. Muuguzi alitazama ukutani. Mashine ikatema tena. Mshonaji akasoma kwa sauti, kidole kikifuata mistari: oksijeni, saa sita. Eksirei ya kifua. Daktari bingwa wa mifupa, mara mbili.

"Bingwa wa mifupa?" aliuliza. "Baba yangu ana pumu!"

"Mbavu nazo ni mifupa," alisema mtu nyuma kabisa, na foleni nzima ikacheka, hata mzee mwenyewe kwenye kiti cha magurudumu, mpaka kifua kikambana, binti yake akamfuata na dawa ya kuvuta.

Kicheko hicho ndicho kilichomtoa meneja kikaoni. Alikuwa mwanamume nadhifu, sauti ya taratibu. Alimkaribisha Mama Stoo ofisini, akamvutia kiti, akafunga mlango.

"Mama, pole sana na usumbufu. Haya ni makosa madogo ya kuingiza. Tunapoanza mfumo mpya mambo kama haya hutokea. Sasa, kwa heshima yako, nakupa punguzo la asilimia arobaini. Lipa, mchukue kijana, tumalize kimya kimya."

Mama Stoo alipiga hesabu kichwani. Punguzo lilikuwa kubwa. Kwa kweli lilimshawishi kwa muda wa pumzi mbili hivi. Alimfikiria Kenchi kwenye benchi, na miezi minne ya kukatwa mshahara.

"Sitaki punguzo," alisema. "Punguzo ni la kitu nilichonunua. Hivi sikununua. Ukinipunguzia, bado utakuwa umeandika kwamba mdogo wangu alivuta oksijeni saa sita. Oksijeni hiyohiyo umemuuzia na yule mzee."

"Makosa ya kuingiza, mama."

"Na siku ya pili ya kulala? Tabibu alituruhusu saa mbili na nusu. Mmetuweka kwa kukosa bili yenu, halafu mnatutoza kwa kukaa. Na huyo bingwa? Niitie nimsalimie."

Sauti ya taratibu ya meneja ikapungua upole. "Mgonjwa hatoki hapa bila bili kulipwa. Hilo ulijue."

"Kulipwa nitalipa. Fedha hizi hapa." Aliitoa bahasha na kuipiga juu ya meza. "Nalipa kila kitu kilichoandikwa kwenye faili, sasa hivi, na unipe risiti. Hayo mengine nayaandikia barua, nakala mbili. Moja unapokea, nyingine unaigonga muhuri na kuandika tarehe, nabaki nayo. Hiyo yangu naipeleka kwa wanaowapa leseni. Ukimzuia mtu ambaye deni lake la haki liko mezani pako, nalo nitaliandika. Mwandiko wangu ni mzuri, uliza maduka yote."

Aliomba karatasi. Hakupewa. Akatoa daftari lake la stoo, akachana kurasa mbili, akaanza kuandika palepale, mgongo umenyooka, bila kukimbiza hata herufi moja.

Nje ya mlango sauti zilikuwa zikipanda. Mchanganuo. Na mimi. Hata mimi. Mashine ya kuchapia ilikuwa haipumui.

Alipofika aya ya pili, meneja alisimama. Alitoka, akaonekana kupitia kioo akimwinamia binti wa dirishani na kuweka namba yake ya siri kwenye kompyuta. Dakika ishirini baadaye binti huyo alileta ofisini karatasi mbili: hati ya marekebisho yenye mistari mitatu iliyofutwa, kila mmoja na sababu yake, "huduma haikutolewa", na siku za kulazwa zimepunguzwa kuwa moja; na bili mpya, laki mbili na elfu tisa.

Mama Stoo alisoma yote mara mbili. "Mmesahau kitu."

Binti alikaribia kulia. "Nini tena?"

"Hicho kitambaa kinachoning'iniza mkono wa mdogo wangu. Mlitupa, hamkukiandika. Ongeza."

Kikaongezwa, elfu nne. Akahesabu fedha, akalipa, akachukua risiti. Barua akaimalizia vilevile, akaidai muhuri, akaupata. Meneja aliugonga kwa nguvu mpaka vibanio vya karatasi vikaruka mezani.

"Nadhani kliniki nyingine zitakufaa zaidi, mama," alisema.

"Plasta itafunguliwa hapahapa baada ya wiki sita," alijibu Mama Stoo. "Tutakuja asubuhi mapema."

Korido ilikuwa imejaa watu waliokunjua karatasi ndefu, wakiulizana, wakizungushia duara. Mshonaji alikuwa amekaa sakafuni kando ya kiti cha baba yake, akimsomea bili mstari kwa mstari, na mzee akijibu "ndiyo" au "hapana" kama shahidi mahakamani. Mama Stoo alimpa shikamoo akipita, na kalamu yake akamwachia mshonaji.

Kenchi alikuwa amesimama mlangoni. Hakusema lipa tuondoke. Alinyoosha mkono wake mzima.

"Nipe nibebe mkoba, dada," alisema. "Na hiyo barua nataka kuisoma."