Mlio wa Gurudumu la Kushoto

Barua ya kumsimamisha kazi Esteria ilisomwa mbele ya wanachama wote wa chama cha wakulima wa pamba, mjini Bariadi, mwenyewe akiwa amekaa safu ya mbele. Mwenyekiti Joakim aliisoma polepole: "Dereva anakata usukani kwa fujo, hata gari limeanza kulia kwa mbele." Watu wakacheka. Esteria akanyoosha mkono ajibu, akaambiwa ajenda imeshafungwa.

Miaka sita alikuwa amepeleka mbegu, dawa za pamba na wanachama hadi Shishiyu kwa gari lile, hajawahi kugonga hata kuku. Na mlio huo yeye ndiye aliyeuripoti, tena mara mbili. Gari likienda moja kwa moja, kimya. Ila ukikata usukani hadi mwisho na kukanyaga mafuta, gurudumu la mbele linapiga ka-ka-ka-ka, kama mtu anabangua karanga. Machibya, fundi wa chama, alibadilisha shokapu mbili, mlio ukabaki palepale. Ndipo akamwambia mwenyekiti, "Gari ni zima. Ubovu uko kwenye mikono ya yule mama."

Asubuhi iliyofuata Esteria alikwenda ofisini, akasimama mlangoni.

"Mwenyekiti, nipe gari saa moja tu. Twende kwa fundi mwingine, wewe na Machibya mkiwepo. Nikionekana nimeharibu mimi, funguo nakuachia na gharama ya kulitengeneza nalipa."

Joakim alikubali, nusu kwa mzaha. Wakaenda kwa Luhende, mzee mwenye gereji nyuma ya soko.

"Mwangaluka, mayu," Luhende alimsalimia Esteria kwa Kisukuma, akamsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza. Kisha akasema, "Zunguka hapo uwanjani. Kata yote kushoto, halafu yote kulia. Mafuta kidogo kidogo."

Kushoto, gari lilizunguka kimya. Kulia, likaanza: ka-ka-ka-ka. Esteria alipoongeza mafuta, mlio ukaenda mbio. Luhende akainua mkono asimame.

"Jointi ya nje ya ekseli, upande wa kushoto. Ukikata kulia, gurudumu la kushoto ndilo linalozunguka kwa nje, ndilo linaloelemewa. Tuone."

Akapiga jeki, akatoa tairi. Upande wa ndani wa rimu ulikuwa mweusi kwa grisi iliyorushwa ikachanganyika na vumbi. Mpira wa jointi, ule wenye mikunjo, ulikuwa umepasuka nusu mzingo. Na juu ya mpasuko, mtu alikuwa ameviringisha kipande cha tyubu ya baiskeli, akakikaza kwa waya wa kufungia nondo.

"Huu waya kafunga nani?" Luhende aliuliza.

Machibya akatazama pembeni. "Nilifunga kwa muda tu."

"Lini?"

"Wakati wa kupanda."

Esteria akamgeukia. Wakati wa kupanda! Sasa watu wanavuna.

"Kwa hiyo ulijua," akasema. "Ulijua ukanyamaza. Nikaripoti, ukabadilisha shokapu zisizo na kosa. Halafu ukasema ni mikono yangu."

Luhende aliifungua jointi akampa Joakim aishike. Grisi yote ilikuwa imetoka, mchanga umeingia, na njia zinamopita gololi zilikuwa zimelika vishimo. "Mpira ulipochanika tu, ungebadilishwa na kujazwa grisi mpya, jointi ingepona," mzee alisema. "Sasa ni kubadilisha jointi na mpira wake. Hii ukiendelea nayo, siku moja itavunjika na gari litasimama porini."

Joakim alijifuta vidole. "Basi mama Esteria, yaishe. Kesho rudi kazini."

"Hayajaisha. Barua ilisomwa mbele ya watu, mkacheka. Isomwe nyingine, mbele ya watu walewale."

"Si lazima tufike huko, mama."

"Basi tafuta dereva mwingine."

Siku mbili baadaye jointi mpya ilikuwa imefungwa, na gari lilikata kona zote mbili bila mlio. Lakini Esteria hakulichukua hadi Jumamosi, chama kilipokutana. Joakim alisoma kwamba barua ya kwanza imefutwa na dereva hana kosa. Akakunja karatasi.

"Umeruka mstari," Esteria alisema. "Nani alifunga waya?"

Joakim akaikunjua karatasi, akamtaja Machibya kwa jina.

Nje, Machibya alimfuata hadi kwenye gari. "Mama, umenidhalilisha mbele ya watu."

Esteria alimwangalia kwa hasira ambayo haikuwa imepungua hata chembe. "Mimi nilikuwa naendesha gari lile na watu ndani. Wewe unalilia jina lako!"

Akapanda, akafunga mlango, akaondoka kwenda Shishiyu.