Ungo Katika Picha ya Tatu

Mabula aliandika "Mambo", akafuta. Wanawake wanne walishaipokea hiyo "Mambo" yake, na wote wanne wakanyamaza kama kaburi.

"Hata kondakta hunisalimia hivyo nikipita stendi," alisema Justa, mama wa chai pale karashani Geita, wanaposaga mawe ya dhahabu, akimchungulia simu begani. "Ukijibiwa 'poa', utasema nini tena, shemeji?"

Mashine za kusaga mawe zilikuwa zimezimwa kupisha chakula cha mchana. Tangu jana Mabula na Ritha, mwanamke wa kijiji cha Samuye, walikuwa wamechaguana kwenye programu ya kutafuta wenza, dirisha la ujumbe likafunguka. Miaka sita tangu afiwe na mkewe, anakula kwenye sufuria akiwa amesimama. Alimtaka mtu wa kumwambia, "Kaa, ule."

"Tazama picha zake," Justa akasema. "Zimewekwa zisemwe, hizo."

Picha ya kwanza, kanisani. Ya pili, baiskeli. Ya tatu, Ritha ameinama juu ya ungo uliojaa vipande vya viazi vitamu, vimeanikwa juani.

Mwaka tisini na sita, akiwa na miaka tisa, mabuldoza yalifukia shimo la dhahabu la baba yake. Mabwana waliotoa amri ya kuwafukuza wachimbaji hawakuwapa hata muda wa kuinjika chungu. Leo wanakula kwa uma, na wala hawamkumbuki. Mabula anawakumbuka. Kilichowafikisha kwa wajomba, siku nne kwa miguu, ni kigunia cha viazi vikavu kichwani kwa mama.

Akaandika yote: mabuldoza, laana, majina. Skrini ikajaa.

"Unamtongoza au unamshitaki?" Justa akauliza.

Akafuta, akabakiza kidogo:

"Ritha, picha yako ya tatu imenikumbusha mama. Utotoni tulitembea siku nne tukitafuna michembe kama hiyo. Wewe umejifunza kwa nani kuianika?"

Akatuma. Karasha zikaanza kunguruma. Akafanya kazi simu ikiwa kwenye mfuko wa shati, juu ya moyo, akidhani kila mtetemo wa mashine ni jibu la Ritha.

Saa kumi akaitoa. Kuna jibu.

"Msukuma gani wewe! Hayo ni matobolwa. Michembe hukatwa mibichi ikaanikwa, haitafuniki mpaka uipike. Matobolwa huchemshwa kwanza. Mlikuwa na moto njiani?"

Mabula akakaa juu ya kiroba cha mawe. Moto? Hawakuthubutu kuwasha. Basi mama alikuwa amechemsha mapema, akaanika, akafunga. Alijua watafukuzwa. Miaka yote hiyo Mabula alikuwa akikosea jina la chakula kilichomlea.

"Hatukuwa na moto," akajibu. "Yalikuwa matobolwa."

Nukta tatu zikachezacheza chini ya skrini. Ritha alikuwa anaandika.

"Bibi ndiye aliyenifundisha. Pole ya njia, Mabula. Mama yako alikuwa akiyakata manene au membamba?"