Mkono wa Yasin

Haujavimba wala hauna jeraha, lakini ukinyooshewa mandazi haunyanyuki. Ni nini hicho, wewe unayenisikiliza?

Ni mkono wa kushoto wa Yasin, mtoto wa miaka miwili, unaoning'inia tu ubavuni hapa zahanatini Busia. Nyanyake, Maimuna, alikuwa akiukanda kwa mafuta tangu adhuhuri, mtoto akalia hadi sauti ikakauka. Ndipo mamake, Fazila, alipofika kutoka dukani akamnyakua, wote wakaja hapa mbio.

"Msiukande tena," daktari Adeke alisema, akipapasa mkono taratibu kuanzia begani. "Alianguka ama alivutwa?"

Maimuna akatazama sakafu. Fazila alikuwa amemkataza mara ngapi kumvuta mtoto mkono!

"Nyanya, niambie ukweli. Kama alianguka, tupige picha kwanza, pengine mfupa umevunjika. Kama alivutwa, ni kiungo cha kiwiko tu kimeteleza. Nitageuza kiganja, kirudi, na baada ya dakika chache atashika vitu."

"Mama, si ulisema aliamka hivyo?" Fazila alilia.

Yasin alikuwa na kwikwi. Maimuna akafunika uso kwa leso.

"Nilimvuta," alisema. "Lori lilikuwa linarudi nyuma pale mpakani, naye amesimama nyuma ya gurudumu."